Posho ipo, lakini itafika lini?

*Shikamoo Anti,*

*Nasoma uhandisi na nimepata utarajali wa miezi 6 katika nchi nyingine. Naripoti tarehe 3, na muda mwingi nitakuwa karakana. Tiketi imeshalipiwa, viza naishughulikia. Posho inalipwa kila mwisho wa mwezi, na kodi ya chumba nilichokipata mtandaoni haifiki nusu yake, kwa hiyo kwa hesabu zangu kila mwezi nitabakiwa na kitu. Akiba yangu ni sawa na posho ya mwezi mmoja na nusu. Baba anasema haitoshi, nisiende mpaka niwe na ya miezi 3. Mwenye chumba ananiharakisha nitume amana na kodi ya mwezi wa kwanza wiki hii, maana yuko safarini na kuna wengine wanakitaka. Kampuni imeniandikia kwamba "bima ni juu yako", basi. Nimeona bima ya safari ya bei poa, nataka niinunue nimalizane nayo. Nianzie wapi?*

*Binti wa Karakana*

---

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kutotuma hiyo pesa ya chumba. Nitarudi kwa huyo bwana aliye safarini, lakini kwanza tukae na hesabu, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha unaweza kumlipa nani na lini.

Hesabu yako ya mwezi haina makosa. Ila mwezi wa kwanza hauendi kwa jumla ya mwezi, unaenda kwa tarehe. Chukua karatasi uandike kila pesa itakayotoka na tarehe yake, halafu kila itakayoingia na tarehe yake. Utaona kwamba zinazotoka zimejazana mwanzoni, na inayoingia ni moja tu, tena iko mwisho kabisa.

Sijui posho yako ni kiasi gani, kwa hiyo tuiite fungu 100. Akiba yako basi ni fungu 150. Kodi tuiweke 45, kwa kuwa umesema haifiki nusu. Chakula 20, usafiri wa kwenda na kurudi kazini 8, simu na intaneti 3. Hiyo inafanya 76 kwa mwezi, unabakiwa na 24, na nadhani ndivyo ulivyohesabu. Ukishafika, badilisha namba zangu uweke zako.

Sasa tuangalie siku unayoingia chumbani. Kodi ya mwezi wa kwanza 45. Amana, tukichukulia ni ya mwezi mmoja, 45 nyingine, na kuna wanaodai ya miezi miwili. Bima ya miezi 6 ikilipwa yote kwa mkupuo, tuseme 18. Godoro, shuka, sufuria, plagi ya kugeuzia na makorokoro mengine ambayo hakuna anayeyakumbuka hadi ayakose, 10. Ongeza chakula, usafiri na simu vya mwezi huo, 31. Jumla ni 149. Umebakiwa na fungu moja, na bado hujaumwa jino wala hujapoteza ufunguo.

Hapo bado tumedhani posho itaingia mwisho wa mwezi wa kwanza kama ulivyoambiwa. Mara nyingi haiingii, na si kwamba kuna mtu ana nia mbaya. Watu wa mishahara hufunga orodha yao siku kadhaa kabla ya siku ya malipo, sehemu nyingine mapema kabisa, katikati ya mwezi. Ili uingie kwenye orodha wanataka namba ya akaunti ya benki, mara nyingi ya nchi hiyohiyo, na pengine namba ya mlipakodi. Benki nayo inataka uthibitisho wa unapoishi. Uthibitisho huo unatokana na mkataba wa pango wenye jina lako, na katika baadhi ya nchi lazima kwanza ukajiandikishe ofisi ya serikali ya mtaa, ambako miadi inaweza kuchukua wiki. Umeripoti tarehe 3, mkataba umeupata tarehe 6, benki imekufungulia akaunti tarehe 20, na orodha ilishafungwa tarehe 15. Posho yako ya kwanza inaingia mwisho wa mwezi wa pili.

Hilo likitokea, mwezi wa pili utautumia kwa akiba: 76 nyingine juu ya 149. Jumla 225, nawe una 150. Shimo ni la fungu 75. Kwa hiyo Baba yako hayuko mbali na ukweli, ingawa miezi 3 ni kubwa kuliko unavyohitaji. Mwambie kwa heshima kwamba namba yake ingekuwa mbili na robo. Halafu mwonyeshe jinsi ya kuishusha, maana inashuka.

Inashuka kwa njia mbili, na ya kwanza ni barua. Mwandikie leo yule aliyekutumia barua ya nafasi, usingoje kufika. Muulize hivi:

"Ningependa kujua orodha ya malipo inafungwa tarehe ngapi, na kama malipo yangu ya kwanza yanaweza kuja kwenye akaunti niliyo nayo sasa iwapo ya huko haitakuwa tayari. Posho iliyotajwa ni kabla au baada ya makato? Je, kuna utaratibu wa kumpa mtarajali malipo ya awali katika mwezi wa kwanza, yakakatwa baadaye? Na mnaweza kunipa barua inayothibitisha nafasi yangu, kiasi cha posho na muda wa mafunzo, ili niitumie benki na kwa mwenye nyumba?"

Barua kama hii haimkeri mtu, wala si kuombaomba. Watu wa utumishi huulizwa maswali haya kila mwaka, na wengi wao wanashangaa zaidi wasipoulizwa. Swali la makato usiliruke: 100 ya kwenye barua ikiwa 88 mkononi, ile 24 uliyotarajia kubakiwa nayo ni 12.

Njia ya pili ni kutoingia kwenye chumba chenye amana siku ya kwanza. Tafuta hosteli ya wanafunzi, nyumba ya wageni inayotoza kwa wiki, au chumba ambacho mwanafunzi mwingine anakiachia kwa mwezi mmoja. Kwa siku itakuwa ghali zaidi, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu: wanalinganisha bei ya siku wakasahau amana na vyombo. Tuseme wiki nne zinakugharimu 55 badala ya 45. Huna amana, na kwa kuwa kuna kitanda na sufuria, vitu vya kuanzia vinashuka hadi 5. Bima ukiruhusiwa kuilipa kila mwezi, tuiweke 4, kwa sababu kulipa kidogokidogo huongeza jumla. Weka na ile 31 ya kila siku. Mwezi wa kwanza umekula 95, una 55 mkononi.

Posho ikija kwa wakati, una 155. Hapo unahamia kwenye chumba cha kudumu ukiwa umekiona kwa macho yako, unalipa amana na kodi 90, bima 4, vyombo vilivyobaki 5, maisha 31. Inatoka 130, zinabaki 25. Posho ikichelewa, usihame. Unabaki pale ulipo mwezi mwingine kwa fungu 90, na shimo lako ni 35. Deni la 35 linaombeka kwa mjomba, au kwa kampuni kama malipo ya awali, na unalirudisha kidogokidogo. Deni la 75 ni zaidi ya mara mbili ya hilo.

Kuna sharti moja kwenye njia hii. Kabla hujalipia hayo makazi ya muda, uliza kama watakupa barua au risiti yenye jina lako na anwani ambayo benki na ofisi ya uandikishaji wataikubali. Sehemu nyingine hawaruhusu kabisa mgeni wa muda mfupi ajiandikishe hapo. Ukikaa mahali pa namna hiyo wiki nne, umeokoa amana lakini umechelewesha akaunti, na posho nayo imechelewa pamoja nayo. Bora ulipe kidogo zaidi mahali ambapo anwani ni yako kweli.

Sasa bima, na hapa nakusihi usinunue chochote mpaka usome hati yenyewe, siyo lile tangazo lenye picha ya ndege.

Bima ya safari imetengenezwa kwa ajili ya msafiri anayeugua ghafla, anayevunjika mguu, anayepotelewa na begi. Nyingi zina kikomo cha siku kwa safari moja, na siku 180 zako huenda zikazidi kikomo hicho hata kama umelipa. Nyingi pia zina mstari usiolipia ajali inayotokana na kazi, au zinaruhusu kazi za ofisini tu na kukataa kazi za mikono, mashine, umeme na kupanda juu. Wewe umeniambia utakuwa karakana. Kidole kikibanwa na mashine, mstari huo ndio utakaosomwa kwanza. Utaupata kwenye sehemu ya yasiyolipiwa, kwa kawaida baada ya kurasa zenye maneno mazuri. Tafuta maneno "kazi", "ajira", "mafunzo kwa vitendo", "mashine".

Viza nayo isikudanganye. Kwa mfano, viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen inataka bima isiyopungua yuro 30,000, inayolipia matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya. Kukidhi sharti hilo maana yake ubalozi umeridhika. Hakukwambii kama karakana imo, wala kama dawa zako za kila mwezi zimo.

Kampuni iliposema "bima ni juu yako", swali ni bima ipi. Kwako naona zipo tatu, na kila moja inaweza kuwa na mlipaji wake. Kuna matibabu ya ugonjwa wa kawaida na dharura. Hiyo yaelekea ni yako kweli. Kuna kuumia ukiwa kazini: katika nchi nyingi mwajiri analazimika kuwakatia wafanyakazi wake, lakini mtarajali wakati mwingine hahesabiwi kama mfanyakazi, na hapo mzigo unaweza kuwa wa chuo chako au usiwe wa mtu yeyote. Na kuna dhima, yaani wewe ndiye umeharibu: umeangusha kifaa cha kupimia cha kampuni, au umeacha bomba wazi maji yakashuka kwenye dari ya jirani wa chini. Hii ya tatu vijana wengi hawajawahi kuisikia hadi bili ifike.

Kwa hiyo andika barua mbili fupi. Kampuni uiulize: "Je, kama mtarajali nimo kwenye bima yenu ya ajali kazini, na je, nikiharibu kifaa chenu kwa bahati mbaya bima yenu inanihusu?" Ofisi ya mafunzo kwa vitendo ya chuo uiulize: "Je, bima ya wanafunzi inanifuata nje ya nchi, kwa siku zote za utarajali, nikiwa karakana?" Omba wajibu kwa maandishi. Jibu la simuni halitakusaidia siku unajaza fomu ya madai. Inawezekana ukakuta chuo kinabeba ajali za kazini, kampuni inabeba vifaa vyake, na wewe unabakiwa na matibabu na dhima ya nyumbani tu. Inawezekana pia usikute hivyo, na katika hali hiyo unatafuta bima ya wanafunzi au watarajali walioko nje, inayotaja mafunzo ya kazini kwa jina lake. Mara nyingi ni ghali kuliko ile ya bei poa, lakini ndiyo iliyoandikwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Ukishapata ya kufaa, muulize mwenye bima maswali yanayogusa ile karatasi yetu ya tarehe. La kwanza: hospitali inalipwa moja kwa moja na bima, au ninalipa mimi kisha nadai? Ikiwa unalipa kwanza, unahitaji pesa mkononi au kadi inayoweza kubeba gharama hiyo, na marejesho yanaweza kuchukua wiki. La pili: kuna kiasi ambacho lazima nikibebe mwenyewe kwanza kwa kila tukio? Bima za bei ya chini mara nyingi zinashusha ada kwa kupandisha kiasi hicho. Ikiwa ni fungu 10, basi fungu 10 hazipaswi kuguswa kwenye akiba yako tangu siku ya kwanza, na shimo letu la 35 tuliite 45. La tatu: bima inaanza siku gani hasa? Isianze siku ya kuripoti. Ianze siku unayotoka nyumbani na iishe siku unayorudi. Bima nyingine zina kipindi cha kusubiri ambacho baadhi ya matibabu hayalipiwi, na ukiwa na ugonjwa wa muda mrefu kama pumu au kisukari, useme tangu mwanzo. Ukiuficha, wakija kugundua wanaweza kukataa hata madai yasiyohusiana nao.

Ubalozi ukitaka bima ilipwe yote kabla ya kupewa viza, ile njia ya kulipa 4 kila mwezi imeondoka. Weka 18 mwezi wa kwanza. Posho ikichelewa shimo litaongezeka kwa 10. Hakuna ujanja hapo, ni kujua tu mapema.

Namba ya dharura ya bima iandike kwenye karatasi pia, siyo kwenye simu peke yake. Bima nyingi zinataka upige kabla ya kulazwa, au mtu apige kwa niaba yako haraka inavyowezekana, na anayelazwa ghafla mara nyingi simu yake haina chaji. Ukitibiwa, omba risiti halisi na taarifa ya daktari siku hiyohiyo kabla hujatoka. Kuifuata baadaye ukiwa nchi nyingine ni kazi kwelikweli.

Kwa wasomaji wanaohamia mji mwingine ndani ya nchi yao, haya ya viza hayawahusu, lakini ulizeni kama bima yenu ya afya inawabana kwenye kituo kimoja mlichoandikishwa. Kama ndivyo, badilisheni kituo kabla ya kusafiri.

Tumrudie bwana aliye safarini. Sisemi ni tapeli, simjui. Nasema anafanya mambo ambayo matapeli wa vyumba huyafanya: hawezi kukionyesha chumba, ana sababu ya kutokuwepo, kuna wengine wanakitaka, na pesa itumwe kwanza. Mkweli na mwongo wanatofautiana unapoomba uthibitisho mdogo. Mwandikie hivi:

"Nimekipenda chumba na niko tayari kusaini. Naomba mtu aliyepo anionyeshe kwa simu ya video ya moja kwa moja, akianzia nje kwenye namba ya nyumba, aingie mpaka chumbani, afungue bomba na dirisha. Naomba pia rasimu ya mkataba yenye jina lako kamili, na akaunti ya kupokelea iwe na jina hilohilo."

Video iliyorekodiwa usiikubali, inaweza kuwa ya nyumba yoyote. Picha zake uzitafute mtandaoni kwa kutumia utafutaji wa picha. Zikitokea kwenye matangazo ya mji mwingine, umemaliza. Akikutaka utume kwa njia ambayo pesa ikishaondoka hairudi, au akaunti iwe ya shemeji yake, achana naye. Akitimiza yote bila kinyongo, pengine ni mtu safi. Hata hivyo mwombe umlipe amana siku ya kupokea funguo. Kampuni nayo unaweza kuiuliza kama watarajali waliotangulia walikaa wapi. Chumba kinachopita mkono kwa mkono kutoka kwa mtarajali mmoja hadi mwingine mara nyingi ndicho salama kuliko vyote.

Kwenye mkataba wowote utakaousaini, angalia mambo machache. Muda: wenye nyumba wengi wanaandika miezi 12, wewe una 6, na usipokuwa na kipengele cha kutoka mapema kwa notisi utadaiwa iliyobaki. Kodi inajumuisha nini: umeme, maji, intaneti na joto la nyumba vikiwa nje, 45 inaweza kuwa 55 msimu wa baridi. Na amana: inashikiliwa na nani, inarudi baada ya siku ngapi, na kwa sababu zipi inaweza kukatwa.

Jioni unayopokea funguo, kabla hujafungua begi, piga picha. Kuta zote, chini ya sinki, pande zote mbili za godoro, ufa wa kioo, alama ya pasi kwenye zulia, na mita za umeme na maji zikisomeka namba zake. Zitume zote kwa mwenye nyumba kwa barua pepe usiku huohuo, na maneno mawili tu: "Hali ya chumba nilivyokikuta leo." Barua pepe ina tarehe ambayo hamwezi kubishana. Ile alama ya pasi bila picha inaweza kukutoa robo ya amana.

Na amana yako ikishaingia humo, ihesabu kama pesa ambayo haipo. Usipange kodi ya mwezi wa 6 iwe ndiyo amana, maana mikataba mingi inakataza, na mwenye nyumba akishaona hujalipa mwezi wa mwisho ana sababu ya kukagua kila msumari. Kwa kawaida inarudi wiki kadhaa baada ya kuondoka, wakati wewe umesharudi chuoni. Kwa hiyo ile akaunti ya benki uliyohangaika kuifungua usiifunge siku ya mwisho. Iache wazi mpaka amana iingie, na kabla hujapanda ndege hakikisha unaweza kuifungua kwenye simu bila laini ya huko, kwa sababu benki nyingi hutuma namba ya siri ya kuingilia kwenye laini uliyojiandikishia.